Magic Wand, Lasso, Pen au Select Subject? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kukata mchoro mmoja kutoka kwenye picha

Majibu haya yanafuata Photoshop, na karibu yote yanazungumzia picha moja ya mfano ili tusirukeruke. Ni bango la JPEG lenye pikseli 1600 kwa 1200, ambalo leya zake zote zimeshaunganishwa kuwa moja. Katikati kuna mchoro wa birika la buluu juu ya usuli wa rangi ya krimu. Birika lina mng'ao mweupe tumboni, mpini wenye tundu, mvuke mwepesi unaotoka mdomoni, na kitako chake kinagusa maandishi yaliyo chini yake. Tunalitaka birika peke yake. Njia za mkato ni za Windows. Ukiwa kwenye Mac, weka Cmd mahali pa Ctrl na Option mahali pa Alt.

Nianze na kifaa kipi?

Kabla ya kugusa kifaa chochote, kuza picha hadi asilimia 300 kisha uzunguke ukingo wa birika lote polepole kwa macho. Usiulize "hiki ni kitu gani?" Uliza "hapa ukingo unaonekana kwa sababu gani?"

Pengine unaonekana kwa sababu rangi mbili zilizotulia zimekutana, buluu upande huu na krimu upande ule. Hapo Magic Wand ina kazi. Pengine rangi zinakaribiana, lakini umbo lenyewe ni safi na jicho lako linajua mstari unapita wapi. Hapo ni Pen. Pengine ukingo haupo kabisa, na ni akili yako tu inayokwambia kwamba birika limeishia hapa na herufi imeanzia pale. Hapo Lasso ndiyo ya kutenganishia. Na kama kitu ni mtu, mnyama au chombo kilichopigwa picha kwa kamera, chenye nywele au kingo za aina nyingi, jaribu kwanza Select Subject.

Mchoro mmoja huwa na kingo za aina mbili au tatu. Birika letu lina zote. Kwa hiyo anayetafuta kifaa kimoja cha kumaliza kazi yote atahangaika bure. Kinachochaguliwa ni kifaa cha kila kipande cha ukingo.

Nimebofya usuli kwa Magic Wand, nikageuza uteuzi, nikakata. Mbona birika limebaki na utepe wa krimu pembeni?

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ukielewa chanzo chake utaacha kuhangaika na namba.

Ukingo wa mchoro wa kompyuta si ukuta. Ili mstari uliopinda usionekane kama ngazi, programu iliyouchora iliweka pikseli moja au mbili za mchanganyiko kati ya rangi hizo mbili. Tuseme buluu ya birika ni R 30, G 80, B 160, na krimu ni R 245, G 238, B 220. Pikseli iliyokaa katikati kabisa ya mpaka itakuwa karibu R 138, G 159, B 190. Hiyo si buluu wala si krimu. Ni nusu kwa nusu.

Magic Wand haina namna ya kusema "nusu ya pikseli hii ni ya birika". Inapima kama rangi iko karibu na ile uliyobofya au la. Hata ukiweka alama kwenye Anti-alias, inalainisha tu mpaka ilioupata yenyewe, haiondoi krimu iliyokwisha kuchanganyika ndani ya pikseli. Ukipandikiza birika hilo juu ya usuli mweusi, pikseli zile za mchanganyiko zinang'aa kama uzi.

JPEG huongeza tatizo. Inabana picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, na mahali rangi mbili kali zinapokutana huacha vumbi la rangi pande zote za mpaka. Kuza hadi asilimia 500 utaliona: krimu iliyo jirani na birika si tulivu kama krimu ya kwenye kona ya bango.

Dawa ya kwanza ni kuupanua uteuzi wa usuli kidogo kabla ya kuugeuza. Usuli ukiwa umechaguliwa, nenda Select > Modify > Expand, weka pikseli 1, halafu Shift+Ctrl+I kuugeuza, halafu weka maski, yaani kifuniko kinachoficha usuli bila kuufuta. Umekula pikseli moja ya birika kuzunguka pande zote, na kwenye birika lenye urefu wa pikseli 700 hakuna atakayeikosa. Kwenye mstari mwembamba wa pikseli 3 hasara hiyo itaonekana wazi, kwa hiyo hapo usiitumie.

Dawa ya pili ndiyo ninayoipenda kwa michoro ya rangi bapa. Acha maski ilivyo, tengeneza leya mpya juu ya birika, ifunge kwa Alt+Ctrl+G ili rangi yake isitoke nje ya umbo la birika, kisha chukua brashi ndogo yenye buluu ileile na upake ukingoni. Umbo linabaki laini, na krimu inafunikwa na buluu halisi. Kwenye picha ya kamera njia hii ni ngumu kwa sababu rangi zinabadilika kila hatua, lakini kwenye mchoro wenye rangi tatu au nne ni kazi ya dakika chache.

Tolerance niweke ngapi?

Namba inaanzia 0 hadi 255, na programu huanza na 32. Maana yake ni umbali unaoruhusiwa kutoka kwenye rangi uliyobofya, katika kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na buluu. Ukibofya krimu yetu kwa Tolerance 20, zinaingia rangi ambazo R yake ni 225 hadi 255, G yake 218 hadi 255, na B yake 200 hadi 240.

Anza na 20 kwa usuli bapa wa JPEG. Ikiwa madoa madogo yamebaki bila kuchaguliwa katikati ya usuli, panda hadi 25, kisha 30. Unapoona vistari vinavyotembea, vile vinavyoonyesha mpaka wa uteuzi, vimeanza kuingia ndani ya birika, umepita kiasi, rudi nyuma.

Kosa la kawaida ni kupandisha Tolerance ili kuumaliza ule utepe wa krimu. Hebu tuhesabu. Ili pikseli ya mchanganyiko yenye R 138 iingie, unahitaji angalau 107, kwa sababu 245 toa 138 ni 107. Kwa namba hiyo zinaingia pia buluu zote nyepesi zilizo karibu na mdomo wa birika, ambapo mchoraji ameweka mwanga. Utepe umeondoka, na mdomo umeondoka nao. Tolerance ni ya kuupata usuli. Utepe una dawa zake hapo juu.

Contiguous niiache au niiondoe?

Iache. Ikiwa na alama, Magic Wand inachukua tu pikseli zinazogusana kuanzia pale ulipobofya. Ndiyo maana mng'ao mweupe ulio tumboni mwa birika uko salama: rangi yake inakaribiana na krimu, lakini buluu imeuzunguka pande zote. Ukiondoa alama, picha nzima inapekuliwa, na kila kilicho na rangi ya kukaribiana na krimu kinachaguliwa popote kilipo.

Ulinzi huo una gharama yake. Tundu la mpini nalo limezungukwa na buluu, kwa hiyo krimu iliyo ndani yake haichaguliwi kwa mbofyo wa kwanza. Shikilia Shift ubofye ndani ya tundu. Wengi hulisahau tundu hili na hawaligundui mpaka birika limewekwa juu ya rangi nyingine.

Kuwa mwangalifu pia mahali mng'ao unapofika hadi ukingoni. Mwanya wa pikseli moja tu unatosha kwa uteuzi kupenya na kumwagika kwenye mng'ao wote. Ukiona mng'ao wote umepata vistari ghafla, usihangaike na Tolerance. Tafuta mwanya.

Mbona nabofya mahali palepale na kila mara napata matokeo tofauti?

Tazama Sample Size kwenye upau wa juu. Ikiwa Point Sample, rangi ya rejea ni pikseli moja tu, na kwenye JPEG yenye vumbi pikseli mbili jirani zinaweza kutofautiana vya kutosha. Weka 3 by 3 Average au 5 by 5 Average. Na kama hakuna chochote kinachochaguliwa vile unavyotarajia, hakikisha umesimama kwenye leya yenye picha, au weka alama kwenye Sample All Layers.

Lasso inatetemeka mkononi. Kuna sababu yoyote ya kuitumia?

Ipo, lakini si ya kuchora ukingo wa mwisho. Hata mkono uliotulia hauwezi kufuata duara la birika kwa kipanya bila mabonde na vilima. Anayekata birika zima kwa Lasso anajipa kazi ambayo kifaa hakikuumbiwa.

Kazi yake ni kuweka mipaka ambayo rangi haiijui. Kwenye bango letu, kitako cha birika kinagusa herufi za buluu ileile. Kwa Magic Wand, birika na neno ni kitu kimoja. Kwa hiyo chagua usuli kwa Magic Wand, ugeuze uteuzi, sasa una birika pamoja na maandishi. Kisha chukua Lasso, shikilia Shift na Alt kwa pamoja, na uzungushe mstari mkubwa wa ovyo kulizunguka birika. Uwe mwangalifu sehemu moja tu, pale kitako kinapokutana na herufi. Funguo hizo mbili zinaibakiza sehemu iliyo ndani ya uteuzi wote wawili. Maandishi yanaondoka, na ukingo mwingine wote unabaki kama ulivyopatikana kwa rangi.

Kazi ya pili ni kuziba mashimo. Kama kipande cha ndani ya birika kimetoka kwenye uteuzi kimakosa, shikilia Shift ukizungushie Lasso. Kama kipande cha usuli kimeingia, fanya hivyohivyo kwa Alt.

Kwa vitu vya mistari iliyonyooka, kama kisanduku, mshale au nyota, tumia Polygonal Lasso. Unabofya kona hadi kona. Ukikosea kona, bonyeza Backspace, nukta ya mwisho inafutika bila kuharibu zilizotangulia.

Magnetic Lasso, ile inayojinasa yenyewe ukingoni, mimi siitumii kwa michoro. Mahali inapofanya vizuri, yaani penye tofauti kali ya rangi, Magic Wand ni ya haraka zaidi. Mahali Magic Wand inaposhindwa, nayo huyumba.

Nilizungushia Lasso vizuri kabisa, lakini kipande kimetoka na ukingo wa ukungu. Kwa nini?

Feather. Kisanduku chake kipo kwenye upau wa juu wa Lasso, na namba iliyoandikwa humo haijifuti. Kama wiki iliyopita uliweka 20 kwa kazi nyingine, leo kila uteuzi wa Lasso unatoka na ukungu wa pikseli 20, na vistari vinavyotembea haviuonyeshi vizuri. Rudisha 0.

Dalili nyingine ya jambo hilohilo ni kuchagua kitu kidogo kisha kupata onyo linaloanza na "Warning: No pixels are more than 50% selected". Hapo uteuzi upo, ila umelainishwa mno hata mpaka wake hauwezi kuchorwa kwenye skrini.

Pen ni ngumu. Inalipa lini?

Inalipa pale unapotaka ukingo ulio safi kuliko ulivyo kwenye picha yenyewe. Magic Wand na Select Subject zinasoma pikseli, kwa hiyo pikseli zikiwa chafu, ukingo unakuwa mchafu. Pen haisomi chochote. Inafuata uamuzi wako. Kwenye JPEG iliyobanwa mara tatu na kutumwa kwenye simu mara nne, hiyo ni faida kubwa sana.

Ugumu wake unatokana zaidi na kuweka nukta nyingi mno. Anayeanza huzunguka birika kwa nukta 60, kila pikseli chache nukta, na umbo linatoka na mikunjo. Tumbo la birika linahitaji nukta kama nane. Ziweke mahali mkunjo unapobadilika: juu kabisa, chini kabisa, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, na pale mdomo na mpini vinapoungana na tumbo. Kila unapoweka nukta, usibofye na kuachia. Bofya na uvute kuelekea upande mstari unakokwenda, ili vishikio viwili vya kupindia mstari vitokeze. Kishikio chenye urefu wa kama theluthi moja ya mkunjo unaofuata kwa kawaida kinatosha.

Pale penye kona kali, kama ncha ya mdomo wa birika, kishikio cha mbele kitaulazimisha mstari utoke kwa mkunjo usioutaka. Shikilia Alt ubofye nukta hiyohiyo. Kishikio cha mbele kinafutika, na mstari unaofuata unaanza upya. Ukiishajua hili pekee, nusu ya ugumu wa Pen imekwisha.

Usiogope kukosea njiani. Maliza mzunguko kwanza, kisha shikilia Ctrl na uvute nukta au kishikio kimoja kimoja mpaka mstari ukae. Upitishe mstari ndani ya birika, karibu pikseli moja kutoka mpakani. Utepe wa krimu hautapata hata nafasi ya kuingia.

Kabla ya kuanza, tazama upau wa juu: lazima uandikwe Path. Ukiwa umeandikwa Shape, kila unachochora kitajazwa rangi na kulifunika birika unalolifuata. Ukimaliza, fungua paneli ya Paths ubofye mara mbili pale palipoandikwa Work Path, uipe jina. Usipofanya hivyo, ukija kuchora njia nyingine hii inaweza kupotea. Sasa bonyeza Ctrl+Enter, njia inageuka kuwa uteuzi.

Tundu la mpini nalifanyaje kwa Pen?

Chora njia ya pili ndani ya tundu, kwenye Work Path ileile. Kisha kwenye upau wa juu, kwenye kitufe cha namna maumbo yanavyoungana, chagua Exclude Overlapping Shapes. Hapa mstari upite upande wa buluu, yaani tundu liwe kubwa kidogo kuliko lilivyo, la sivyo utepe wa krimu utabaki kwa ndani.

Je, siwezi kuchagua kwa Magic Wand kisha nigeuze uteuzi kuwa njia, nisichore kabisa?

Amri ipo: Make Work Path, kwenye paneli ya Paths, nayo ina Tolerance yake ya 0.5 hadi 10 pikseli. Ukiweka ndogo unapata mamia ya nukta zinazofuata kila chembe ya vumbi la JPEG. Ukiweka kubwa, kona zinalainika na ncha ya mdomo inageuka kuwa kibonge. Nimejaribu mara nyingi kutafuta namba ya katikati inayofaa, na kila mara nimeishia kurekebisha nukta kwa muda mrefu kuliko ambao ningetumia kuchora nane zangu mwenyewe. Kwa umbo la kawaida, chora.

Select Subject imekuwa nzuri sana. Mbona kwangu imechukua bango zima?

Kwa sababu haijui unataka nini. Amri hii, iliyoingia Photoshop mwaka 2018, imefunzwa kwa mifano mingi ili kutambua kitu kikuu kwenye picha. Ni hodari kwa watu, wanyama na vyombo vilivyopigwa picha. Bango la rangi bapa halina mwanga wala kina cha kuisaidia, kwa hiyo birika, maandishi na mvuke vyote vinaweza kuonekana ni kitu kimoja muhimu.

Ukitaka kuielekeza, tumia Object Selection Tool, ambayo inakuruhusu kuzungushia kisanduku kitu unachokitaka. Kwenye birika letu itatoa matokeo ya kuridhisha kwa mbali. Karibu, angalia mambo matatu: ukingo wa tumbo huwa na mawimbi madogo, tundu la mpini linaweza kuachwa limejaa, na ncha ya mdomo hukatwa mviringo. Ukiyakuta yote matatu, usianze kuyatibu moja moja. Rudi kwenye Pen.

Mahali ninapoitumia kwa moyo mmoja ni pale mchoro wenyewe unapokuwa picha ya kamera iliyobandikwa kwenye bango, kwa mfano uso wa mtu. Nywele huwezi kuzichora kwa Pen. Acha Select Subject ichague, ingia Select and Mask, pitisha Refine Edge Brush kwenye nywele peke yake, na uziache kingo ngumu kama mabega zilivyo.

Mvuke unaotoka mdomoni nautoaje?

Si kwa kifaa chochote kati ya hivi vinne. Mvuke hauna ukingo. Ni weupe unaopungua taratibu mpaka unakuwa krimu, na kifaa chochote kinachotafuta mpaka kitaukata kama karatasi.

Lakini rangi zinatupa njia. Linganisha krimu yetu, R 245, G 238, B 220, na mvuke mweupe, 255 kwa kila chaneli. Kwenye nyekundu tofauti ni 10 tu. Kwenye buluu ni 35. Basi chaneli ya buluu ndiyo inayouona mvuke vizuri zaidi.

Fungua paneli ya Channels, buruta Blue hadi kwenye alama ya chaneli mpya ili upate nakala yake. Ukiwa kwenye nakala, bonyeza Ctrl+L. Kwenye Levels, weka 220 upande wa weusi na uache 255 upande wa weupe. Krimu inazama kuwa nyeusi, mvuke unabaki mweupe na kijivu kwa kadiri ya unene wake. Ikiwa vumbi la JPEG limebaki kwenye usuli, panda hadi 224 au 226. Tumbo la birika lenye B 160 linakuwa jeusi lenyewe, ila mng'ao wake utabaki mweupe. Upake weusi kwa brashi. Sasa shikilia Ctrl ubofye kijipicha cha chaneli hiyo, rudi kwenye RGB, tengeneza leya mpya na uijaze nyeupe. Una mvuke halisi unaopitisha rangi yoyote utakayoiweka chini yake.

Njia hii inafaa pia kwa sahihi iliyoandikwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Huko shikilia Ctrl ubofye kijipicha cha RGB kwenye Channels, geuza uteuzi, na ujaze leya mpya kwa weusi. Wino unatoka na wepesi na uzito wake wote, jambo ambalo Magic Wand haiwezi.

Nifute usuli au niweke maski?

Maski, kila mara. Ukifuta kwa Delete na baadaye ukagundua kwamba ncha ya mdomo imekatika, faili ikiwa imeshafungwa hakuna cha kurudisha. Kwenye maski unapaka weupe kwa brashi na ncha inarudi. Kama umetumia Pen, nenda Layer > Vector Mask > Current Path: ukingo unabaki kuwa njia, na unaweza kusogeza nukta hata mwezi ujao.

Nitajuaje kwamba nimekata vizuri?

Usikague juu ya miraba ya kijivu na nyeupe. Inaficha karibu kila kosa. Weka leya mbili chini ya birika, moja nyeusi na moja ya rangi kali kama waridi, uzime na kuwasha moja moja. Juu ya nyeusi, utepe wa krimu unajitokeza. Juu ya waridi, unaona matundu yaliyosahaulika na sehemu zilizoliwa. Kagua kwanza kwa asilimia 100, kwa sababu ndivyo mtazamaji atakavyoona, kisha kwa 300 ili ujue pa kurekebisha. Kosa linaloonekana kwa 500 tu liache.

Kuna kosa moja ambalo ukaguzi huu hauwezi kulionyesha: kuhifadhi kwa JPEG. JPEG haina uwazi, na usuli utarudi ukiwa mweupe. Toa PNG, na ubaki na PSD yenye maski.

Natumia GIMP. Haya yote yananihusu?

Karibu yote. Magic Wand huko ni Fuzzy Select Tool na Tolerance ni Threshold. Lasso ni Free Select Tool. Pen ni Paths Tool. Select Subject haina ndugu wa moja kwa moja. Foreground Select Tool inakaribia, lakini inakutaka uizungushie na kuipakia wewe mwenyewe sehemu za kitu.

Birika kwenye picha niliyopewa lina pikseli 120 tu, na linahitajika kubwa. Nitumie kifaa gani?

Pen, lakini safari hii geuza ule upau uandike Shape na usikate kitu. Kwa udogo huo, pikseli za mchanganyiko ni sehemu kubwa ya mchoro, na ukilikuza birika lililokatwa utakuza matope. Weka picha chini, punguza Opacity yake hadi asilimia 50, chora umbo la tumbo na ulijaze buluu, kisha mpini, kisha mng'ao juu yake kama umbo la tatu. Mchoro wenye rangi tatu unachorwa upya kwa muda usiozidi ule ambao ungetumia kuukata, na unaweza kukuzwa upendavyo bila ukingo wake kuharibika.